Laki moja kwa siku 20: riba iliyojificha kwenye ankara yako

Mama mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ambaye mimi humwandikia hesabu zake, aliwahi kunipa rundo la ankara za miezi sita. Kila moja ilikuwa na mstari mdogo chini kabisa, umeandikwa `2/10, n/30`. Nikamuuliza kama huwa anaufuata.

"Asilimia mbili tu, mwanangu," akasema. "Itanifikisha wapi? Mimi nalipa siku ya 30, wala sidaiwi na mtu."

Kweli hakuwa akidaiwa. Ila alikuwa akikopa kila mwezi, tena kwa bei ambayo asingeikubali kama angeambiwa na benki. Hakuijua kwa sababu ankara haitaji neno riba popote. Mwongozo huu ni wa kukuonyesha namna ya kuitoa riba hiyo mafichoni kwa kalamu na kikokotoo cha simu, kisha uamue mwenyewe ulipe siku ya 10 au usubiri siku ya 30.

Mstari ule unasema nini

`2/10, n/30` husomwa hivi: ukilipa ndani ya siku 10 tangu tarehe ya ankara, unakatiwa asilimia 2, usipolipa ndani ya siku hizo, unadaiwa kiasi kamili, na mwisho wake ni siku ya 30. Wauzaji wengine huandika kwa maneno: "Punguzo la 2% ukilipa ndani ya siku 10." Wengine hawaandiki kabisa. Mtu wao wa mauzo hukutamkia tu anaposhusha mzigo. Likitamkwa, mwombe aliandike kwenye ankara yenyewe na kutia sahihi.

Tuchukue ankara ya shilingi 5,000,000, ya tarehe 3 Juni. Hiyo ni saruji, nondo na misumari, mali kauli kutoka kwa muuzaji wa jumla. Punguzo ni asilimia 2, yaani 100,000. Kwa hiyo una njia mbili:

- kulipa 4,900,000, mwisho tarehe 13 Juni; au
- kulipa 5,000,000, mwisho tarehe 3 Julai.

Sasa ziangalie tarehe hizo mbili vizuri. Watu wengi huona bei halali ni 5,000,000, na ile laki moja ni zawadi kwa anayewahi. Igeuze. Muuzaji yuko radhi kukuachia mzigo ule kwa 4,900,000, na bado anakungoja siku 10 bila kukutoza chochote. Hiyo ndiyo bei ya mzigo. Laki moja inayoongezeka baada ya hapo hailipii hata msumari mmoja. Inalipia muda wa kukaa na pesa zake kutoka tarehe 13 Juni hadi tarehe 3 Julai.

Kwa maneno mengine, asubuhi ya siku ya 11 umekopa shilingi 4,900,000 kwa siku 20, na gharama ya mkopo huo ni shilingi 100,000. Hesabu nzima imejengwa juu ya sentensi hiyo.

Hatua za hesabu

Chukua ankara yako mwenyewe, ufuate hatua hizi huku ukiweka namba zako pale ninapoweka zangu.

1. *Andika viwango viwili.* Cha kulipa mapema: 4,900,000. Cha kulipa baadaye: 5,000,000.

2. *Toa.* 5,000,000 − 4,900,000 = 100,000. Hii ndiyo gharama ya kusubiri.

3. *Gawanya gharama kwa kiwango kidogo, si kwa kikubwa.* 100,000 ÷ 4,900,000 = 0.020408, yaani asilimia 2.04. Unagawanya kwa 4,900,000 kwa sababu hizo ndizo pesa ulizobaki nazo mkononi. Hukukopa milioni tano. Milioni tano ni mkopo na riba yake vikiwa pamoja.

4. *Hesabu siku ulizonunua.* 30 − 10 = 20. Siku 10 za mwanzo hazimo, kwa kuwa ulipewa bure kwa vyovyote vile, uchukue punguzo au usichukue.

5. *Tafuta vipindi vya aina hiyo katika mwaka.* 365 ÷ 20 = 18.25.

6. *Zidisha.* 2.0408 × 18.25 = 37.24.

Basi kuliacha punguzo lile ni sawa na kukopa kwa riba ya asilimia 37.24 kwa mwaka.

Kama unatunza hesabu kwenye kompyuta, weka namba tatu kwenye visanduku na fomula moja chini yake:

```
B1: 2
B2: 10
B3: 30
B4: =B1/(100-B1)*365/(B3-B2)
```

B4 itakupa 0.3724. Ibadilishe muonekano uwe asilimia. Muuzaji mwingine akikuletea masharti tofauti, badilisha B1 hadi B3 tu. Kwa mfano, punguzo la asilimia 1 kwa siku zilezile ni riba ya asilimia 18.43 kwa mwaka. Punguzo la asilimia 2 ambalo deni lake linaisha siku ya 60 ni asilimia 14.9. Tazama jinsi siku zilivyo na nguvu: punguzo ni lilelile la 2, lakini kwa kuwa siku za kusubiri zimeongezeka kutoka 20 hadi 50, riba imeshuka chini ya nusu.

Ukikutana na kitabu cha uhasibu kinachotoa jibu la asilimia 36.73, usidhani umekosea. Kimetumia mwaka wa siku 360, desturi ya zamani ya kurahisisha hesabu. Uamuzi wako hautabadilika kwa nusu asilimia.

"Lakini mimi sijawahi kulipa asilimia 37!"

Hapa ndipo yule mama aliponibishia, na ubishi wake ulikuwa wa maana. Alisema hivi: "Nachukua mzigo wa milioni tano kila mwezi. Kila mwezi naacha laki moja. Kwa mwaka ni milioni moja na laki mbili. Ukigawanya kwa 4,900,000 unapata asilimia 24 na nusu. Hiyo 37 umeitoa wapi?"

Kosa limejificha mahali padogo. Hakukaa na zile 4,900,000 mwaka mzima. Kila mwezi alikuwa nazo siku 20 tu, kuanzia siku ya 10 hadi siku ya 30. Akishalipa, mkopo umekwisha. Ankara mpya inapoingia, siku 10 za kwanza hadaiwi riba yoyote, kisha mkopo unaanza tena. Miezi 12 mara siku 20 ni siku 240. Kwa siku 125 zilizobaki za mwaka hakuwa na mkopo huo kabisa.

Sambaza 4,900,000 za siku 240 juu ya siku zote 365: 4,900,000 × 240 ÷ 365 = 3,221,918. Huo ndio wastani wa deni alilokuwa nalo mwaka mzima. Kwa deni hilo amelipa 1,200,000. Gawanya: 1,200,000 ÷ 3,221,918 = 0.3724. Tumerudi kwenye 37.24 ileile, safari hii kwa shilingi zilizotoka dukani kweli, bila kuzidisha kwa 18.25.

Alinyamaza kidogo, kisha akauliza milioni moja na laki mbili ni mifuko mingapi ya saruji. Sikumjibu. Bei ya saruji anaijua kuliko mimi.

Namba kubwa zaidi, na kwa nini usiilinganishe na ya benki

Kuna watakaokuambia jibu sahihi ni asilimia 44.59. Hawadanganyi. Wamehesabu riba juu ya riba, kana kwamba kila baada ya siku 20 gharama inaongezwa kwenye deni na deni jipya linazaa tena, mara 18.25:

```
=(1+2/98)^(365/20)-1
```

Namba hiyo inafaa ukitaka kujua pesa zingekua kiasi gani kama kila punguzo unaloliokoa lingeingia kwenye mtaji na kuzunguka tena. Kwa kulinganisha na benki, baki na 37.24. Benki inapokuambia riba ya ovadrafti ni asilimia 18 kwa mwaka, nayo huwa imetaja riba ya mwaka isiyorundikwa, kwa hiyo linganisha kitu na mwenzake. Ukichukua 44.59 ukaiweka mbele ya 18 ya benki, utaona pengo kubwa kuliko lilivyo.

Je, ukope benki ili uwahi punguzo?

Ukishajua kwamba muuzaji anakukopesha kwa 37, swali linalofuata ni kama kuna mahali pa kukopa kwa bei nafuu. Hapa acha asilimia kwanza, urudi kwenye shilingi, kwa sababu ada za mikopo hupenda kujificha nyuma ya asilimia.

Tuseme benki yako inakupa ovadrafti kwa asilimia 18 kwa mwaka. Unakopa 4,900,000 tarehe 13 Juni, unamlipa muuzaji, na unairudishia benki tarehe 3 Julai. Riba ni:

4,900,000 × 0.18 × 20 ÷ 365 = 48,329

Umeokoa 100,000, umelipa 48,329. Zinabaki 51,671. Toa na ada ya kuandaa mkopo: ikiwa ni 30,000, umebakiwa na 21,671. Bado ni faida, ila ni ndogo, na inatosha kupotea kwa safari mbili za benki. Ada ikiwa 60,000, umekula hasara, ingawa 18 ni chini ya 37.

Kwa hiyo kipimo ni kimoja: jumla ya riba, ada na makato ya kutuma, kuanzia siku ya 10 hadi siku ya 30, lazima iwe chini ya 100,000. Ikizidi, muache muuzaji akukopeshe.

Kipimo hicho hukuokoa na mikopo ya simu. M-Shwari ilipoanza Kenya mwaka 2012, ilitoza ada ya asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Mkopo wa bei hiyo kwa ajili ya 4,900,000 ungegharimu 367,500, ili uokoe 100,000. Kikundi cha kukopeshana kinachotoza asilimia 5 kwa mwezi nacho kingechukua 245,000. Neno "punguzo" lina utamu wake, na nimeona watu wakikimbilia simu ili wasilikose. Kukopa kwa asilimia 5 ili kukimbia asilimia 2 ni kuruka majivu na kukanyaga moto.

Kuna na kosa la pili upande huu: kuchukua mkopo wa miezi 12 kwa ajili ya tatizo la siku 20. Riba ya mkopo huo itaendelea kukula hata siku ambazo pesa zimelala. Kinachofaa hapa ni ovadrafti, ambayo riba yake inahesabiwa kwa siku ulizotumia na kwa kiasi ulichotumia.

> KISANDUKU: Ukishaikosa siku ya 10
>
> Punguzo likishapita, usikimbilie kulipa siku ya 15. Gharama ni ileile laki moja, lakini umeitumia kununua siku tano tu badala ya 20. Angalia riba ya mwaka inavyobadilika kwa siku unayolipa:
>
> - Siku ya 15: asilimia 149
> - Siku ya 20: asilimia 74.5
> - Siku ya 30: asilimia 37.2
>
> Laki imeshaondoka. Chukua siku zako zote ulizolipia, ulipe siku ya 30.

Yule mama alikuwa na ugonjwa huo hasa. Si kweli kwamba alilipa siku ya 30 kila mara, ankara tatu kati ya zile alizonipa zilikuwa zimelipwa kati ya siku ya 14 na ya 18, "ili nisiwaze deni." Aliwaza deni kidogo, akalipia usingizi huo kwa bei ghali kuliko mkopo wowote wa mjini.

Utauliza: na nikivuta hadi siku ya 45? Kwa hesabu, riba inashuka hadi asilimia 21.3, na ukifika siku ya 60 ni asilimia 14.9. Hesabu hiyo ni sahihi, lakini haikuhesabu yatakayokupata baadaye. Muuzaji anayecheleweshewa hupunguza kiwango cha mali kauli, au hukuweka mwisho wa foleni bidhaa zinapoadimika, au hukuongezea bei kimyakimya kwenye oda inayofuata. Hayo hayaingii kwenye B4. Sikushauri.

Mahali ambapo kuacha punguzo ni sawa

Si kila anayeacha punguzo ni mjinga. Pesa zinazobaki mkononi kwa siku 20 zikizalisha zaidi ya asilimia 2.04 ya faida halisi, umeshinda. Mfanyabiashara wa haraka atasema mara moja, "Mimi mzigo wangu unazaa asilimia 8, kwa hiyo sina haja." Mweke chini umuulize maswali mawili.

La kwanza: hiyo 8 ni faida, au ni tofauti tu ya bei ya kununua na ya kuuza? Humo toa usafiri, kibarua wa kushusha, mzigo ulioharibika na wateja waliokopa wasilipe. Kinachobaki ndicho cha kulinganisha na 2.04.

La pili ni gumu zaidi: hizo 4,900,000 zitanunua mzigo wa ziada ambao bila hizo usingeununua? Kama mzigo huo ungeununua hata hivyo, kwa pesa nyingine zilizo dukani au kwa mali kauli ya muuzaji mwingine, basi faida yake haihusiani na uamuzi huu. Mara nyingi pesa zinazobaki kwa kuacha punguzo hazinunui kitu. Hukaa kwenye akaunti, au kwenye droo, au huyeyukia kwenye matumizi ya nyumbani.

Lakini kuna majira ambapo jibu ni ndiyo. Kabla ya shule kufunguliwa, mwenye duka la vifaa vya shule akiwa na pesa kidogo na wateja wengi, kila shilingi inayobaki inaingia kwenye daftari na kutoka kwa siku chache. Hapo mkopo wa asilimia 2.04 kwa siku 20 unaweza kuwa wa bei nafuu kabisa. Tofauti yake na mwingine ni kwamba huyu ameuchagua.

Na kama pesa hazipo na benki haikukopeshi, basi hazipo. Usilipe ankara kwa pesa za mishahara. Hata hivyo jaribu jambo moja: muulize muuzaji kama anakubali punguzo kwa sehemu. Ukiwa na 2,450,000 siku ya 10, zinaweza kufuta 2,500,000 za deni, na nusu iliyobaki ukailipa kamili siku ya 30. Wengi hukubali, maana nao wana madeni yao ya kulipa na wanataka pesa ziingie. Ila mkubaliane kabla ya kutuma. Ukituma nusu bila kuzungumza, ataihesabu kama malipo ya kawaida.

Makosa ya hesabu ninayokutana nayo

*Kugawanya kwa 5,000,000.* Utapata asilimia 2 kamili, na kwa mwaka 36.5. Kosa ni dogo kwa punguzo la 2, lakini hukua kadiri punguzo linavyokua.

*Kuzidisha kwa 12.* Yaani 2 mara 12 ni 24. Huyu amedhani amekopeshwa mwezi mzima, kumbe ni siku 20.

*Kusahau kodi.* Hili ndilo linalobadilisha jibu kwelikweli. Tuseme bei ya mzigo ni 5,000,000, na juu yake kuna kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, yaani 900,000. Jumla ni 5,900,000. Wauzaji wengine hukata asilimia 2 kwenye bei ya mzigo tu na kuiacha kodi kama ilivyo. Hapo utalipa 5,800,000 mapema au 5,900,000 baadaye. Gharama ni ileile 100,000, lakini sasa umekopeshwa 5,800,000. Gawanya: asilimia 1.724. Zidisha kwa 18.25: asilimia 31.5. Bado ni ghali, ila si 37 tena. Uliza kabla ya kuhesabu, na punguzo likishatolewa hakikisha karatasi za kodi zinaonyesha kiasi ulicholipa kweli.

Siku ya 10 ni ipi hasa?

Hapa nina kovu langu. Miaka ya nyuma nilikuwa nikishughulikia malipo ya duka moja, na siku ya 10 ikaangukia Jumapili. Nikaagiza malipo kwa benki Ijumaa jioni, baada ya saa za kufunga. Pesa zikaingia kwa muuzaji Jumatatu. Nilipopiga simu, mtu wa hesabu wa upande ule akanijibu kwa upole kwamba kwao kinachohesabiwa ni siku pesa zinapoingia, si siku unapotuma. Punguzo likaenda. Kwa kuwa ilikuwa siku ya 11, nilikuwa nimenunua siku moja tu kwa asilimia 2.04. Ukitaka kuipigia hesabu ya mwaka, ni asilimia 745.

Tangu hapo, ankara ikifika mezani naiandikia juu kwa kalamu nyekundu mambo manne kabla ya kuifungia kwenye faili:

☐ Siku zinahesabiwa kutoka tarehe ya ankara, au tarehe mzigo ulipofika? Ankara ya tarehe 3 ikikufikia tarehe 8, umebakiwa na siku tano.

☐ Siku ya 10 ni tarehe ngapi, na ni siku ya kazi? Kama si ya kazi, naandika siku ya kazi iliyotangulia.

☐ Malipo yanahesabika yanapotumwa au yanapoingia? Kama ni yanapoingia, narudi nyuma siku moja zaidi.

☐ Kiasi kamili cha kutuma baada ya punguzo, pamoja na ada ya kutuma nitakayolipa mimi.

Angalia kwamba sijaandika "lipa leo." Siku 10 za mwanzo ni za bure, na anayelipa siku ya pili anapata punguzo lilelile kama anayelipa siku ya tisa. Pesa zako zikae kwako hadi karibu na mwisho, lakini si saa ya mwisho.

Yule mama sasa hulipa siku ya tisa, isipokuwa mwezi Desemba. Desemba huacha punguzo na kulipa siku ya 30 kamili, kwa sababu mafundi wengi humaliza nyumba za watu kabla ya sikukuu na mabati hayakai dukani. Mwaka jana aliniita tuhesabu pamoja kabla hajaamua. Mabati yalikuwa yamembakishia asilimia 3 kwa siku 20, baada ya usafiri na vibarua. Nikamwambia aache punguzo.